Opsheni za hisa zilizolala: gharama ambayo bei ya kwenye skrini haikuonyeshi

Msomaji, leo naomba tuache simu na tovuti kidogo, tuzungumzie historia ya soko. Usikimbie, kompyuta zimo na msimbo kidogo pia umo. Sababu ya kuandika ni hii: nimeona programu kadhaa, nyingine zimeandikwa na vijana wenye akili sana, zinazojaribu mikakati ya kununua na kuuza opsheni kwa kutumia bei za zamani. Karibu zote zinachukua bei ya mwisho iliyouzwa, zinapiga hesabu, na matokeo yanatoka faida tupu. Kisha mtu anaweka pesa halisi, na faida haionekani. Hakuna aliyemwibia. Faida hiyo haikuwapo tangu mwanzo, na wenye fani hii wamelijua jambo hilo kwa zaidi ya miaka 50.

Tuanze na maana, kwa wale ambao neno ni geni. Opsheni ni mkataba unaokupa haki, bila kukulazimisha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei mliyokubaliana, kabla ya siku fulani au siku hiyo yenyewe. Haki hiyo hupewi bure, unailipia ada inayoitwa primiamu. Huko Marekani, ambako historia hii imetokea, mkataba mmoja kwa kawaida ni wa hisa 100. Ukiona primiamu ya dola 1.60, jua utalipa dola 160.

Sasa swali: hiyo dola 1.60 ni bei ya nani?

Umewahi kuingia duka la kubadilisha fedha pale mjini? Ubaoni kuna bei mbili, ya kununua dola na ya kuuza dola. Ukinunua dola na kuziuza papo hapo, unatoka na shilingi pungufu. Kwa dola ya Marekani pengo hilo ni dogo kwa sababu zinaingia na kutoka kutwa nzima. Ukipeleka fedha ya nchi ambayo mwenye duka huiona mara moja kwa mwezi, pengo linapanuka, kwa kuwa hajui atamwuzia nani wala lini. Opsheni nayo ina bei mbili. Yuko mtu au kampuni ambayo kazi yake ni kusimama sokoni muda wote ikitaja bei ya kununua na bei ya kuuza. Katika makala haya nitamwita mtoa bei. Wewe unanunua kwa bei yake ya juu na kuuza kwa bei yake ya chini, na pengo la katikati unalilipa wewe.

Kabla ya 1973

Kabla ya mwaka 1973 hapakuwa na soko rasmi la opsheni za hisa Marekani. Kulikuwa na madalali wachache, wengi wao New York, waliounganisha mnunuzi na muuzaji mmoja mmoja kwa simu. Kila mkataba ulikuwa na bei yake na tarehe yake, kwa hiyo ukishanunua ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kukuondolea mzigo huo. Ulikaa nao mpaka mwisho.

Wachumi wawili, Fischer Black na Myron Scholes, walipata kumbukumbu za dalali mmoja wa aina hiyo, za miaka ya 1966 hadi 1969. Walikuwa wamebuni kanuni ya kukokotoa thamani ya opsheni, ile ambayo leo kila mwanafunzi wa fedha anaijua kwa majina yao, na walitaka kuona kama inalingana na bei za kweli. Matokeo waliyachapisha mwaka 1972, na kanuni yenyewe ikatoka mwaka uliofuata.

Ajabu ni walichokikuta. Wauzaji wa opsheni walikuwa wakipokea takribani kiasi ambacho kanuni inasema. Wanunuzi walikuwa wakilipa zaidi ya kanuni, mara kwa mara. Tofauti ilikuwa gharama za biashara, na Black na Scholes walieleza kwamba mzigo wote kwa kweli ulimwangukia mnunuzi. Zingatia hapo: kanuni maarufu kuliko zote katika fani hii ilizaliwa pamoja na onyo kwamba bei unayolipa si thamani iliyokokotolewa. Kanuni ikaenea dunia nzima, na lile onyo wengi wakaliruka.

Soko la Chicago

Tarehe 26 Aprili 1973 likafunguliwa soko la opsheni la Chicago, lijulikanalo kwa herufi CBOE. Siku ya kwanza iliuzwa mikataba 911. Jambo kubwa lilikuwa kusawazisha mikataba, yaani tarehe maalumu na bei maalumu, ili aliyenunua leo aweze kuuza kesho kwa mtu mwingine. Walianza na hisa 16 tu.

Kwa nini wachache hivyo? Kwa sababu mtoa bei wa opsheni hakai tu akiomba Mungu bei isiende vibaya. Akikuuzia haki ya kununua hisa 1,000, mara moja yeye mwenyewe ananunua sehemu ya hisa hizo sokoni ili kujikinga. Hisa ikipanda, ananunua zaidi, ikishuka anapunguza. Kanuni ya Black na Scholes imejengwa juu ya wazo hilohilo, ila inachukulia kwamba anaweza kununua na kuuza hisa wakati wowote bila gharama hata senti moja. Kwa kampuni kubwa ambayo hisa zake zinabadilishana mikono kwa mamilioni, uongo huo ni mdogo. Kwa hisa iliyolala, uongo huo ni mkubwa sana.

Baadhi ya watafiti wa miaka ya 1970 waliangalia bei za Chicago na kusema wameona faida ya bure, opsheni zilizo ghali au rahisi kupita kiasi. Mwaka 1980 Susan Phillips na Clifford Smith walizipitia tafiti hizo. Wakasema kwamba gharama kubwa iliyosahauliwa haikuwa kamisheni ya dalali ambayo kila mtu anaiona kwenye risiti, bali lile pengo la bei mbili. Ukiliweka katika hesabu, sehemu kubwa ya faida hiyo inayeyuka. Ni kosa lilelile la programu nilizozitaja mwanzo, isipokuwa wao walikuwa na tarakilishi zenye ukubwa wa chumba.

Hesabu ya Leland

Hatua niliyoipenda zaidi mimi kama mtu wa msimbo ilikuja mwaka 1985. Hayne Leland alijiuliza: ikiwa kila nikinunua na kuuza hisa nalipa gharama fulani, na najikinga kila baada ya muda fulani, kanuni ibadilikeje? Jibu lake ni fupi kiasi cha kushangaza. Usibadilishe kanuni, badilisha kipimo cha kuyumba kwa bei unachokitia ndani yake. Anayeuza opsheni aongeze kipimo hicho, anayeinunua akipunguze. Hapo hapo unapata bei mbili, na pengo kati yake limetoka moja kwa moja kwenye gharama ya hisa.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Hisa ni dola 20. Opsheni inakupa haki ya kuinunua kwa dola 20 hizohizo, na imebaki miezi mitatu. Bei ya hisa inayumba kwa kiwango cha asilimia 40 kwa mwaka. Riba nimeiweka sifuri ili hesabu iwe nyepesi. Mtoa bei anarekebisha kinga yake mara moja kwa wiki. Herufi `k` ni gharama ya kununua na kuuza hisa, ikiwa sehemu ya bei yake.

```python
from math import sqrt, pi, erf

def N(x):
    return 0.5 * (1 + erf(x / sqrt(2)))

def bei(s, sigma, T):
    return s * (2 * N(sigma * sqrt(T) / 2) - 1)

def leland(sigma, k, dt, a):
    return sigma * sqrt(1 + a * sqrt(2/pi) * k / (sigma * sqrt(dt)))

for k in (0.0005, 0.02):
    print(k, [round(bei(20, leland(0.4, k, 1/52, a), 0.25), 2)
              for a in (-1, 1)])
```

Ukiiendesha utapata hivi:

```
0.0005 [1.59, 1.6]
0.02 [1.35, 1.81]
```

Mstari wa kwanza ni hisa iliyochangamka: pengo la bei yake sokoni ni senti 1 juu ya dola 20. Mtoa bei anaweza kukununulia opsheni kwa 1.59 na kukuuzia kwa 1.60. Mstari wa pili ni hisa iliyolala, inayonunuliwa kwa 19.80 na kuuzwa kwa 20.20. Opsheni ni ileile, miezi ni ileile, kuyumba ni kulekule. Lakini sasa anakununulia kwa 1.35 na kukuuzia kwa 1.81. Pengo limetoka senti moja hadi senti 46, na katika hesabu hii mtoa bei hajatia mfukoni faida yoyote. Anarudisha tu gharama ya kujikinga.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Pengo la hisa ni asilimia 2 tu, lakini pengo la opsheni ni karibu asilimia 29 ya thamani ya katikati. Hisa iliyolala ikikohoa, opsheni yake inalazwa hospitali. Sababu ni kwamba primiamu ni pesa kidogo inayosimama juu ya hisa ya pesa nyingi, na kinga hurekebishwa tena na tena kwa gharama ya zile pesa nyingi.

Tumfuate mnunuzi. Amenunua mikataba 10 kwa 1.81, yaani dola 1,810. Akibadili mawazo dakika hiyohiyo, anapata dola 1,350. Amepoteza dola 460, robo ya pesa zake, na hisa haijasogea hata kidogo. Ili arudishe pesa yake kwa kuuza tena, pengo likibaki vilevile, hisa inabidi ipande kwa karibu senti 80, yaani asilimia 4, na ipande mapema kabla muda haujaila thamani ya opsheni.

Kwenye skrini haya yote yanajificha vipi? Kuna safu inayoitwa `Last`, bei ya mwisho iliyouzwa. Kwa opsheni iliyolala, bei hiyo inaweza kuwa ya juzi, wakati hisa yenyewe ilikuwa kwenye bei nyingine. Mtu anaona 1.55, anaandika hesabu zake kwa 1.55, kisha oda inajazwa kwa 1.81. Tena bei hiyo ya 1.81 ina kiasi chake. Huenda mtoa bei anauza mikataba 10 tu kwa bei hiyo. Ukitaka 30, kumi za pili zinaweza kutoka kwa 1.90 na kumi za tatu kwa 2.05, na wastani wako unakuwa 1.92. Huko ndiko kuteleza kwa bei: unakanyaga ngazi ya kwanza, na uzito wako mwenyewe unakusukuma hadi ya tatu.

Je, kompyuta hazikumaliza tatizo hili?

Swali zuri, na historia inalijibu. Zamani bei za opsheni Marekani zilitajwa kwa sehemu za dola: moja ya kumi na sita kwa zile za chini ya dola 3, na moja ya nane kwa za juu yake. Pengo halikuweza kuwa dogo kuliko senti 6.25 hata mtoa bei akitaka. Tena kwa miaka mingi opsheni za kampuni moja mara nyingi ziliuzwa katika soko moja tu. Mnamo Agosti 1999 masoko yalianza kugombania opsheni za kampuni kubwa, za Dell zikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, na Mei 2000 likafunguliwa soko la ISE lililoendeshwa kwa kompyuta toka mwanzo. Mwaka 2001 sehemu zikaachwa na bei zikaanza kutajwa kwa hatua za senti 5 na senti 10. Tarehe 26 Januari 2007 ukaanza mradi wa majaribio wa hatua za senti moja, kwa opsheni za aina 13 tu, kisha ukapanuliwa hatua kwa hatua. Mwaka 2020 ukafanywa utaratibu wa kudumu.

Kwa kampuni kubwa matokeo yalikuwa mazuri. Pengo lilikuwa limezuiwa na hatua ya bei na ukosefu wa ushindani, hivyo vizuizi vilipoondolewa likaporomoka. Lakini rudi kwenye mstari wa pili wa programu yetu. Pengo la senti 46 halikusababishwa na hatua ya bei. Mpe mtoa bei huyo hatua ya senti moja, mpe kompyuta yenye kasi ya ajabu, bado atalazimika kununua hisa kwa 20.20 na kuiuza kwa 19.80. Kompyuta inaharakisha oda, lakini haiumbi mnunuzi ambaye hayupo.

Ushahidi mwingine ulitoka mwaka 1999, katika kazi ya Young-Hye Cho na Robert Engle. Walichunguza opsheni za faharasa ya S&P 100 na kuona kwamba pengo la opsheni linafuata pengo la kile kilicho chini yake, kuliko wingi wa mauzo ya opsheni yenyewe. Kwa lugha rahisi: ukitaka kujua opsheni itakugharimu nini, iangalie hisa kwanza.

Na usidhani kwamba kwa kuwa opsheni imeorodheshwa basi hisa yake imechangamka. Miongoni mwa masharti ya kuorodhesha huko Marekani ni hisa kuwa zimeuzwa angalau milioni 2.4 katika miezi 12 iliyopita. Gawanya kwa siku 252 za kazi, unapata kama hisa 9,500 kwa siku. Mnunuzi wetu wa mikataba 10 anamlazimu mtoa bei kununua zaidi ya hisa 500 ili kujikinga, zaidi ya asilimia 5 ya mauzo ya siku nzima. Ukiwa na masikio, utasikia mlango ukilia.

Ni haki kutaja mipaka ya hesabu hii. Leland anamchukulia mtoa bei kama ana opsheni moja tu na anaikinga peke yake. Mtoa bei wa kweli ana mamia ya mikataba inayofutana, mmoja ananunua na mwingine anauza, hivyo pengo laweza kuwa dogo kuliko nilivyokokotoa. Kwa upande mwingine, anaogopa kwamba anayenunua opsheni ya kampuni ndogo ana habari ambayo yeye hana, na hofu hiyo hulipanua pengo tena. Kwa hiyo usiichukue 1.35 na 1.81 kama utabiri. Ichukue kama maelezo ya pengo linatoka wapi.

Utajuaje kabla hujalipa

Usitazame `Last`. Tazama `Bid` na `Ask`, toa moja kwenye nyingine, gawanya kwa thamani ya katikati. Kisha fanya hivyohivyo kwa hisa yenyewe. Ikiwa pengo la opsheni ni asilimia 20 au zaidi, jiulize mkakati wako unategemea kuingia na kutoka mara ngapi, kwa sababu kila safari italipiwa. Oda iwekewe kikomo cha bei, karibu na katikati, na uwe tayari isijazwe kabisa. Na anayeshika opsheni hadi mwisho halipi pengo la kutoka, lakini akitumia haki yake na kupokea hisa, atakutana na pengo la hisa siku ya kuziuza.

Kwa wale wanaoandika programu za majaribio: nunua kwa `Ask`, uza kwa `Bid`, na usijaze oda kubwa kuliko kiasi kilichoonyeshwa. Mistari mitatu ya msimbo, na faida nyingi za kwenye karatasi zitakufa hapo hapo, kabla hazijaua akiba ya mtu.

Hapa kwetu, Soko la Hisa la Nairobi lilipofungua soko lake la mikataba ya baadaye, NEXT, Julai 2019, lilianza na faharasa ya hisa 25 pamoja na hisa chache kubwa kama Safaricom, KCB na Equity. Hiyo si opsheni, lakini chaguo linafanana na lile la Chicago la hisa 16: unaanza mahali ambapo anayejikinga atampata mtu wa upande wa pili. Siku ukiona opsheni ya hisa ndogo, popote duniani, ikiwa na primiamu inayoonekana rahisi, fungua kwanza daftari la oda la hisa hiyo uhesabu wangapi wamesimama pale.

Mwenye kuijaribu programu na namba nyingine aniandikie alichokipata. Badilisha `dt` iwe siku moja badala ya wiki, uone namba inakwenda wapi. Kuna jambo la kushangaza humo.